Bomba la Mawimbi la Mstatili: Modi Zinazoruhusiwa na Namna ya Kupata Kizingiti

Mezani pangu pana kipande cha bomba la shaba ya manjano, urefu wake kama kutoka kiwiko hadi ncha za vidole. Kilitoka kwenye rada ya meli iliyokuwa ikivunjwa. Ncha zake zina flenji za mraba zenye matundu manne ya skrubu, na ukichungulia ndani unaona mwanga upande wa pili. Hakuna waya katikati wala kihami, na lebo ilikwisha kubanduka zamani. Asiyekijua angedhani ni kipande cha fremu ya dirisha. Hata hivyo hii ndiyo njia iliyokuwa ikibeba mawimbi ya maikrowevu kutoka kwenye magnetroni hadi kwenye antena inayozunguka juu ya mlingoti. Mafundi wengi huliita wevugaidi. Hapa tutaliita bomba la mawimbi.

Sasa chukulia kwamba umepewa bomba kama hili na swali moja: je, litafaa kwa rada inayotoa mawimbi ya 9.41 GHz, masafa yanayotumiwa na rada nyingi za meli za bendi ya X? Ili kujibu unahitaji kalipa ya kupimia na kikokotoo. Mwisho wa mwongozo huu utaweza kusema bomba linaanza kupitisha mawimbi kwenye masafa gani, ni modi zipi zinazopita humo, na ni wapi pa kuacha kuliamini.

Kwa nini bomba lina kizingiti

Kebo ya koaksi hupitisha umeme wa masafa yoyote, hata ule wa betri, kwa sababu ina vipitishi viwili: waya wa katikati na ganda la nje. Bomba la mawimbi lina kipitishi kimoja tu, yaani kuta zake. Ukiunganisha betri hutapata pa kushika ncha ya pili. Kwa hiyo haishangazi kwamba wahandisi walichukua muda kuliamini. Lord Rayleigh alionyesha kwa hesabu mwaka 1897 kwamba mawimbi yanaweza kusafiri ndani ya bomba tupu la metali, lakini hadi mwaka 1936 ndipo George Southworth wa Maabara za Bell na Wilmer Barrow wa MIT, kila mmoja kwa njia yake, walipotangaza kwamba jambo hilo linafanyika kwa vitendo.

Kinachotokea ndani ni hiki. Chukua wimbi la kawaida, la aina ile ile inayosafiri hewani, uliingize bombani kwa mshazari. Linagonga ukuta wa kushoto, linaruka, linagonga wa kulia, linaruka tena, na kwa njia hiyo ya zigizaga linasonga mbele. Metali ina sharti lake: uga wa umeme uliolala sambamba na uso wake lazima uwe sufuri pale usoni. Wimbi linaloelekea kulia likijumlishwa na lile linaloelekea kushoto, hutokea umbo lililotulia kati ya kuta mbili, mfano wa kamba iliyofungwa ncha zote mbili na kutikiswa: sufuri ukutani kushoto, kilele katikati, sufuri ukutani kulia. Umbo hilo ni nusu wimbi, na ni lazima litoshee kikamilifu kati ya kuta.

Masafa yakiwa makubwa, wimbi ni fupi, na linaweza kutimiza sharti hilo huku likielekea mbele zaidi kuliko pembeni. Punguza masafa, wimbi linarefuka. Ili nusu wimbi iendelee kutoshea, wimbi linalazimika kugeuka zaidi na zaidi kuzielekea kuta. Ukizidi kupunguza unafika mahali ambapo wimbi linazigonga kuta moja kwa moja, kushoto kulia, kushoto kulia, bila kusogea mbele hata milimita moja. Hapo nusu ya urefu wa wimbi imelingana na upana wa bomba. Hapo ndipo kwenye kizingiti. Masafa ya juu ya hapo yanapita. Ya chini yake hayapiti.

Kwa picha hiyo tu umeshapata kanuni ya modi ya chini kabisa, bila hesabu ngumu. Tukiita upana wa ndani `a`, urefu wa wimbi wa kizingiti ni `2a`, na masafa ya kizingiti ni kasi ya mwanga ikigawanywa kwa `2a`.

Modi zinazoruhusiwa

Nusu wimbi moja si umbo pekee linaloweza kutoshea. Zinaweza kukaa nusu mbili kwenye upana, au tatu. Zinaweza kukaa pia kwenye kimo. Kila umbo linalotimiza masharti ya kuta zote nne huitwa modi, na kila modi ina kizingiti chake.

Jina la modi lina herufi mbili na tarakimu mbili. TE maana yake uga wa umeme wote umekingama, hauna sehemu inayoelekea mbele kufuata bomba. Uga wa sumaku ndio wenye sehemu hiyo. TM ni kinyume chake: uga wa sumaku wote umekingama, na wa umeme una sehemu inayoelekea mbele. Tarakimu ya kwanza, `m`, inahesabu nusu mawimbi yaliyopangana kwenye upana `a`. Ya pili, `n`, inahesabu yaliyopangana kwenye kimo `b`. Ndiyo maana TE10 husomwa "TE moja sufuri". Anayesema "TE kumi" amejifichia mwenyewe maana ya tarakimu hizo.

Sheria za kuruhusiwa ni tatu.

Ya kwanza, wimbi lenye nyuga zote mbili zimekingama, kama lile la kwenye kebo ya koaksi, haliruhusiwi kabisa. Linahitaji vipitishi viwili vyenye tofauti ya volti kati yao, na bomba tupu lina kimoja.

Ya pili, katika TE, `m` na `n` zinaweza kuwa sufuri au namba nzima yoyote, mradi zisiwe sufuri zote mbili. TE00 ingekuwa umbo lisilobadilika popote, na umbo la namna hiyo haliwezi kuwa na uga wowote uliokingama. Kwa maneno mengine, hakuna wimbi.

Ya tatu, katika TM, `m` na `n` zote mbili lazima zianzie 1. Sababu yake inaonekana ukiuangalia uga wa umeme unaoelekea mbele. Uga huo uko sambamba na kuta zote nne, kwa hiyo lazima uwe sufuri kwenye zote nne. Hauwezi kuwa hai katikati bila kupanda na kushuka angalau mara moja kwenye upana na mara moja kwenye kimo. Kwa hiyo TM10 na TM01 hazipo, na ukiziona kwenye jibu la mtu ujue amebandika namba kwenye kanuni bila kukumbuka kuta. Modi ya TM ya chini kabisa ni TM11.

TE10 inaruhusiwa kuwa na sufuri hiyo ya pili kwa sababu uga wake wa umeme umesimama wima, kutoka ukuta mpana wa chini hadi ukuta mpana wa juu. Unaigonga metali ya juu na ya chini kichwa kwa kichwa, jambo ambalo metali haina shida nalo. Hauhitaji kufifia kwenye kimo. Unafifia kwenye kuta mbili za pembeni tu.

Kukokotoa, hatua kwa hatua

Hatua ya kwanza ni kupima. Pima vipimo vya ndani, kwa midomo midogo ya kalipa, ile inayotanuka nje. Kipimo kikubwa ni `a`, kidogo ni `b`. Pima mahali pawili au patatu, maana bomba lililoanguka huwa limebonyea. Kipande changu kilinipa 22.86 mm kwa 10.16 mm.

Hatua ya pili ni kanuni. Kwa bomba lililojaa hewa, modi zote, za TE na za TM, hufuata kanuni moja:

```
fc(m,n) = (c / 2) × √[ (m/a)² + (n/b)² ]
```

`c` ni kasi ya mwanga, mita 299,792,458 kwa sekunde. Kwa TE10, `n` ni sufuri na `m` ni 1, kwa hiyo kipeuo kinaondoka na inabaki:

```
fc(TE10) = c / (2a)
```

Kwa kazi ya karakana kuna njia ya mkato: andika `a` kwa milimita, ugawe 150 kwa namba hiyo, na jibu litakuwa kwa gigahezi. Kwa usahihi zaidi tumia 149.9. Kwangu 149.9 kugawanya kwa 22.86 ni 6.557 GHz.

Angalia kilichokosekana katika kanuni hiyo. Kimo `b` hakimo. Urefu wa bomba haumo. Aina ya metali haimo. Shaba, alumini na fedha zina kizingiti kile kile zikiwa na upana ule ule. Upana wa ndani peke yake ndio unaoamua.

Hatua ya tatu, ambayo wengi huiruka, ni kutafuta modi inayofuata. Kizingiti cha TE10 kinakuambia bomba linaanzia wapi. Cha modi ya pili kinakuambia linaishia wapi kuwa rahisi kutumika. Kwa kipande changu:

- TE10: 6.557 GHz
- TE20: mara mbili ya hiyo, 13.114 GHz
- TE01: 149.9 kugawanya kwa 10.16, yaani 14.75 GHz
- TE11 na TM11: kipeuo cha pili cha 6.557² + 14.75², yaani 16.15 GHz

TE11 na TM11 zina kizingiti kimoja kwa sababu zina tarakimu zile zile. Ni modi mbili tofauti zenye namba moja.

Jibu la swali letu limepatikana. Masafa ya 9.41 GHz yako juu ya 6.557 na chini ya 13.114. Kwa hiyo yanapita, na yanapita kwa modi moja tu, TE10. Vipimo hivi pia vimenipa jina la bomba: ni WR-90. Tarakimu hizo ni upana wa ndani kwa sehemu za mia za inchi, kwa kuwa 22.86 mm ni inchi 0.90. Ukikutana na jina la aina hiyo kwenye lebo, gawa namba kwa 100, zidisha kwa 25.4, nawe umepata `a` kwa milimita bila kushika kalipa.

Kupita tu hakutoshi

Mtu angeweza kusema kwamba bomba hili linafaa kuanzia 6.6 hadi 13.1 GHz. Watengenezaji hawasemi hivyo. Wanaandika 8.2 hadi 12.4 GHz, yaani takriban kuanzia mara 1.25 ya kizingiti hadi mara 1.89.

Upande wa chini wameacha nafasi kwa sababu karibu na kizingiti wimbi linatambaa. Kumbuka ile zigizaga: linagonga kuta mara nyingi sana kwa kila sentimita linayosonga, na kila mgongano unaacha joto kidogo kwenye metali. Zaidi ya hapo, kasi yake inabadilika sana kwa badiliko dogo la masafa. Mpigo mfupi wa rada una masafa mengi ndani yake. Yakisafiri kwa kasi tofauti, mpigo unafika ukiwa umetanuka.

Kwa 9.41 GHz hali ni nzuri. Gawa kizingiti kwa masafa: 6.557 kwa 9.41 ni 0.697. Namba hiyo inakupa pembe ya zigizaga, ambayo ni nyuzi 44 kutoka kwenye mhimili wa bomba. Nishati inasonga mbele kwa kasi ambayo ni kipeuo cha pili cha 1 − 0.697², yaani 0.717 ya kasi ya mwanga.

Upande wa juu wameacha nafasi ili TE20 isikaribie. Modi mbili zikiruhusiwa kwa pamoja, kila kona, kila kiungo kibaya na kila mbonyeo huhamisha sehemu ya nishati kutoka modi moja kwenda nyingine. Modi hizo husafiri kwa kasi tofauti, zikifika antenani hazielewani, na umbo la mwali unaotoka linaharibika. Kifaa cha kupokea kilichotengenezwa kwa TE10 hakitaipokea sawasawa TE20.

Hapa ndipo kimo `b` kinapoingia. Hakigusi kizingiti cha TE10, lakini kinagusa cha TE01. Kikiwa nusu ya `a`, TE01 na TE20 zinaanza mahali pamoja, na unabaki na nafasi nzima kutoka kizingiti hadi mara mbili yake. Kikizidi nusu, TE01 inashuka na kula sehemu ya nafasi hiyo. Bomba la mraba ndilo baya zaidi kwa kazi hii: TE10 na TE01 zina kizingiti kimoja, na wimbi lililoingia limesimama linaweza kutoka limelala. Kimo kikiwa kidogo mno, upotevu kwenye kuta unaongezeka, na cheche huruka kwa urahisi kati ya kuta mbili pana pindi nguvu inapokuwa kubwa. Ndiyo maana mabomba mengi yana kimo kinachokaribia nusu ya upana.

Chini ya kizingiti hutokea nini

Mawimbi yaliyo chini ya kizingiti hayazimiki ghafla mlangoni. Uga wake huingia kidogo bombani na kufifia kwa haraka, na nishati inarudi ilikotoka. Si kwamba imegeuka joto kwenye kuta, imerudishwa. Chanzo chenye nguvu kikielekezwa kwenye bomba lililo chini ya kizingiti hupokea nguvu yake mwenyewe usoni, na magnetroni haipendi hivyo.

Kufifia huko kunakokotoleka. Chukulia fundi amefunga kipande changu kwenye rada ya bendi ya S, inayotoa takriban 3.05 GHz:

```
α = 8.686 × (2π / 2a) × √[ 1 − (f/fc)² ]     dB kwa mm, a kwa mm
```

`f/fc` ni 3.05 kwa 6.557, yaani 0.465, na kipeuo kinakuwa 0.885. Jibu ni desibeli 1.06 kwa kila milimita. Sentimita kumi tu za bomba zinatoa desibeli 106, maana yake uga umefifia hadi nguvu yake kuwa chini ya sehemu moja ya bilioni 30. Kwa macho bomba liko wazi, unaweza hata kupulizia pumzi ikatoka ng'ambo. Kwa wimbi la 3.05 GHz ni ukuta. Rada ya bendi ya S inahitaji bomba pana zaidi, kwa kawaida WR-284, lenye upana wa ndani wa 72.14 mm na kizingiti cha 2.08 GHz.

Tabia hiyo hiyo ndiyo inayofanya kazi kwenye wavu wa mlango wa oveni ya maikrowevu. Kila kitundu ni bomba fupi lililo mbali sana chini ya kizingiti kwa 2.45 GHz, lakini juu sana ya kizingiti kwa mwanga. Ndiyo maana unaona chakula bila kuungua.

Kuthibitisha kwa kipimo

Ukitaka kuhakikisha hesabu yako maabara, tumia bomba lenye mpasuo. Ni bomba la kawaida ambalo ukuta wake mpana wa juu umepasuliwa katikati kwa urefu, na sindano ndogo ya kunusia uga inateleza juu yake kwenye rula. Mpasuo uko katikati kwa sababu yake: kwenye mstari huo mikondo ya TE10 ukutani inakwenda mbele na nyuma tu, haiukati mpasuo, kwa hiyo mpasuo haumwagi nishati nje.

Tumia chanzo cha maabara cha nguvu ndogo, kiweke 9.41 GHz, kisha ziba ncha ya mwisho kwa bamba la metali. Wimbi litarudi na kukutana na linalokwenda, na ndani patatokea sehemu za uga mkubwa na sehemu za sufuri. Telezesha sindano, uandike zilipo sufuri. Usisome vilele, kwa sababu ni bapa na macho hudanganyika. Sufuri ni kali. Chukua mfano wa usomaji wa 18.4, 40.6 na 62.8 mm. Umbali kati ya sufuri mbili ni 22.2 mm, na huo ni nusu ya urefu wa wimbi ndani ya bomba. Urefu kamili ni 44.4 mm.

Hewani wimbi la 9.41 GHz lina urefu wa 31.86 mm. Ndani ya bomba limerefuka, na kiasi cha kurefuka kinasema kizingiti kiko wapi:

```
1/λ0² = 1/λg² + 1/λc²
```

`λ0` ni urefu hewani, `λg` ni urefu bombani, `λc` ni urefu wa kizingiti. Ukiweka 31.86 na 44.4, `λc` inatoka 45.7 mm. Mara mbili ya upana wangu, 22.86, ni 45.72. Rula na kalipa zimekubaliana. Zingetofautiana kwa asilimia kadhaa, ningeanza kushuku masafa ya chanzo kabla ya kushuku bomba.

Makosa yanayojirudia

La kwanza ni kupima nje. Kipande changu kwa nje ni 25.4 kwa 12.7 mm. Mtu akiutumia huo upana atapata kizingiti cha 5.90 GHz badala ya 6.56, kosa la asilimia kumi, na atatangaza kwamba 6.2 GHz inapita wakati haipiti kabisa. Wimbi halijui unene wa ukuta. Linajua nafasi ya ndani tu.

La pili ni kuchanganya `a` na `b`. Dalili yake ni rahisi: ukipata kizingiti cha TE10 kilicho juu kuliko cha TE01, umegeuza vipimo.

La tatu ni kusahau kilichomo ndani. Kanuni zote hapo juu ni za hewa. Ukilijaza bomba kihami, gawanya kizingiti kwa kipeuo cha pili cha kiwango chake cha kihami. Tefloni ina takriban 2.1, kwa hiyo kizingiti cha 6.557 kinashuka hadi 4.5 GHz. Na TE20 inashuka vilevile, kutoka 13.1 hadi 9.05 GHz, chini ya 9.41, bomba lililokuwa la modi moja limekuwa la modi mbili. Pwani tatizo halisi ni maji. Hewa yetu ina unyevu na chumvi, na kidirisha cha plastiki kwenye antena kikipata ufa, unyevu unaingia usiku na kutulia kwenye kona ya chini. Tone kubwa la maji ni kizuizi kinachorudisha wimbi na kulimeza. Dalili ni shabaha za mbali kupotea kwenye skrini huku za karibu zikibaki, na ukifungua kiungo cha chini unakuta kutu ya kijani. Kausha, safisha, badilisha pete ya mpira na kidirisha. Kuongeza mnyanyuo wa kipokezi hakuondoi maji.

La nne ni mbonyeo. Ukuta mpana ukibonyea, `b` imepungua na kizingiti hakijahama sana. Hofu yako ni kurudi kwa wimbi na cheche. Kuta za pembeni zikibanwa ndipo `a` inapopungua na kizingiti kupanda. Kwa 9.41 GHz mpaka ni 149.9 kugawanya kwa 9.41, yaani 15.93 mm. Bomba lililobanwa chini ya upana huo limefungwa, hata kama ulimwengu wote unaonekana upande wa pili.

Na usichungulie kamwe ndani ya bomba lililounganishwa na magnetroni inayofanya kazi. Zima, toa fyuzi, weka fyuzi mfukoni mwako, ndipo ufungue flenji.

Jaribu mwenyewe

Chukua bomba la alumini la kutengenezea fremu, 50 kwa 25 mm kwa nje, ukuta wa 1.5 mm. Je, linafaa kwa 5.8 GHz ya Wi-Fi? Ndani ni 47 kwa 22 mm. TE10 inaanzia 3.19 GHz, TE20 6.38, TE01 6.81. Ukizidisha kizingiti kwa 1.25 na kwa 1.89 unapata nafasi salama ya 3.99 hadi 6.03 GHz. Linafaa kwa 5.8, na kwa modi moja. Kwa 2.4 GHz ni ukuta.

Umeona kwamba hatukuhitaji lebo, katalogi wala kumuuliza muuzaji. Pima upana wa ndani kwa milimita, ugawe 149.9 kwa huo, kisha uhakikishe modi ya pili iko mbali. Bomba lisilopita mtihani huo usilifunge, hata likiwa jipya na linang'aa.